Kuaga ni Kuomba Ruhusa: Maelekezo kwa Mwanafunzi Mgeni Anayeondoka Lushoto

Kwa miaka mingi niliyofundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari iliyo milimani, baina ya Soni na msitu wa Magamba, nimewapokea darasani vijana kadhaa waliotoka nchi za mbali kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, wakakaa nasi mwaka, wakala makande yetu na kuvaa sweta letu, kisha, siku zao za kuondoka zilipokaribia, wakanijia mmoja mmoja wakiwa na karatasi mkononi na kuniambia, "Shikamoo, Mwalimu. Naomba unisahihishie hotuba yangu ya kuaga." Karatasi hizo zilifanana kana kwamba ziliandikwa na mkono mmoja, kwani zilianza kwa asante, zikaendelea kwa asante, na zikaisha kwa asante, na kila nilipozisoma niliona kwamba kasoro yake haikuwa katika sarufi, bali katika kutofahamu jambo lenyewe ambalo mwandishi alikuwa anakusudia kulifanya. Niliyowaambia vijana wale ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa ajili yako wewe mgeni ambaye lugha imekwisha kukaa ulimini kiasi cha kuweza kuyasoma, na kwa ajili ya mwalimu wa darasa au mzazi mwenyeji atakayeketi nawe jioni kukusaidia.

Anza na neno lenyewe. Kuaga, kwa desturi yetu, si kutangaza kwamba unakwenda zako. Ni kuomba ruhusa ya kwenda, na mwenye kuitoa ruhusa hiyo ni yule anayebaki. Wazee wa pwani, mmoja wao anapoinuka barazani, husema hadi leo, "Jamani, naomba ruhusa," naye hatoki mpaka aitikiwe, "Ruhusa, nenda salama," na mtu akiondoka pasipo kusema hivyo, hata kama alikaa muda mfupi tu, wenziwe huulizana kama kuna neno lililomuudhi. Ndiyo maana tuna pia neno kuagana, ambalo ni tendo la watu wawili, huyu akiomba na yule akijibu. Basi mwanafunzi anayesimama mbele ya shule na kusema kwamba ndege yake itaruka Jumamosi, na kwamba amefurahi sana, huyo ametoa habari tu, na bado hajaaga. Ukilishika hilo moja, mengine yote yatakujia kwa urahisi, maana utajiuliza mwenyewe: ruhusa huombwa kwa nani kwanza, huombwaje na mtu mwenye deni, na muombaji hungoja nini kabla ya kugeuka na kwenda?

Nchi hii ya Usambara, ukitaka kujua, ina kumbukumbu yake juu ya mgeni aliyeondoka bila kuaga. Simulizi za Wakilindi, zilizoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy na kupigwa chapa na wamisionari wa Magila baina ya mwaka 1895 na 1907, zinaeleza kwamba Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alikaa kwanza Kilindi akipendwa na watu, hata siku moja mtoto wa mkubwa wa mji akauawa na nguruwe mwitu katika mawindo waliyokwenda pamoja, na Mbegha kwa hofu akatoroka na wenziwe, asipate uso wa kurudi. Huku milimani alikofikia baadaye aliwagawia watu nyama, nao wakampa mazao yao ya shambani, na mwisho wakamtawaza Vuga. Wazee wanapoisimulia habari hii husifu ukarimu wake wa nyama. Mimi, kwa kuwa nimeaga na kuagwa mara nyingi, hukaa zaidi kwenye ile njia ya kutoka Kilindi, kwani naona ni mzigo mzito mtu kuubeba katika safari, kujua kwamba nyuma yako wako watu ambao hukuwapa nafasi ya kukwambia nenda.

Sasa tuje kwenye siku. Shule zetu aghalabu hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa tena Julai, ilhali mipango mingi ya kubadilishana huwarejesha vijana kwao mwishoni mwa Juni au katikati ya Julai, na hapo ndipo wengi wanapoteleza, maana huihesabu siku ya ndege na kuacha wiki ya mwisho kwa ajili ya kuagana, nao wakija shuleni wiki hiyo hukuta mabweni yamefungwa, wanafunzi wametawanyika kwao Mlalo, Bumbuli, Korogwe na Tanga, na ofisini yuko mlinzi peke yake. Hesabu yako basi isianzie kwenye tiketi ya ndege, bali kwenye siku ya kufunga shule, na kutoka hapo urudi nyuma majuma mawili. Juma la kwanza ni la kuzungukia watu faraghani. La pili ni la hadhara. Aidha usiichague siku ya mwisho kabisa ya muhula kuwa siku ya hotuba, kwa kuwa siku hiyo akili za watoto ziko kwenye masanduku na nauli, na walimu wamezama katika kujaza ripoti.

Wa kwanza kuendewa ni Mkuu wa Shule, ofisini kwake, na usiende peke yako, bali ufuatane na mwalimu wa darasa au mzazi mwenyeji, kwa sababu mtoto haji kuomba ruhusa kwa mkubwa bila ya mkubwa wa kumsemea. (Angalia pia jina la cheo: katika shule ya sekondari ni Mkuu wa Shule, na Mwalimu Mkuu ni wa shule ya msingi, ukiyachanganya hakuna atakayekukaripia, lakini itaonekana kwamba mwaka mzima hukusoma kibao cha mlangoni.) Utaamkia, utaketi ukiambiwa uketi, na yule aliyekufuata atalifungua neno, kisha wewe utasema kwa kifupi kwamba mwaka wako umetimia na umekuja kuomba ruhusa, na kwamba unaomba pia nafasi ya kusema maneno machache mbele ya shule. Ni hapo hapo, na kwa unyenyekevu ule ule, unapoomba ripoti yako ya maendeleo yenye sahihi na mhuri, kwa kuwa shule ya kwenu itaitaka, na ofisi ikishafungwa hakuna wa kuupiga mhuri huo hadi Julai.

Baada ya Mkuu wa Shule na walimu, wapo ambao hutajwa mwisho na husahauliwa kwanza, nao ni mpishi, mlinzi, matroni, na yule mzee anayechanja kuni. Nakusihi uwafuate walipo, mpishi jikoni na mlinzi langoni, wala usingoje kuwakuta kwenye hadhara, ambako aghalabu hawapo, kwani saa ya hotuba yako ndiyo saa ya sufuria lao. Namkumbuka mpishi wetu mmoja ambaye mwanafunzi mgeni alimwendea alfajiri, akamkuta anapepeta maharage, akachukua ungo wa pili bila kusema neno, wakapepeta pamoja mpaka gunia likaisha, kisha ndipo akamwambia, "Mama, nimekuja kuaga." Mama yule alifuta mikono yake katika kanga, akaiweka yote miwili juu ya kichwa cha binti yule, akanyamaza kitambo, na alichokisema baadaye alikisema kwa Kisambaa na kwa sauti ndogo, nami sikukisikia.

Majirani wa nyumba uliyolelewa huendewa saa za alasiri, wakirudi kutoka mashambani. Piga hodi, ngoja ukaribishwe, na ukiwa umejifunza "onga mshi" ya Kisambaa, hapa ndipo mahali pake, kama vile "hongea" ilivyo mahali pake unapopokea kikombe. Ila uyajaribu maneno hayo kwanza mbele ya mama mwenyeji, akusahihishe matamshi, wala usimtegemee mwenzako wa darasani ambaye huenda akakufundisha neno la mzaha. Usidhani kwamba utaingia na kutoka. Chai italetwa, au mahindi ya kuchoma, na kuikataa chai ya kuagwa ni sawa na kuikataa ruhusa yenyewe. Basi usipange zaidi ya nyumba tatu kwa jioni moja, na kama nyumba zako ni kumi, ujue zitakula jioni nne. Wapo wanaoambiwa na wenyeji wao kwamba inatosha kupita barabarani na kupunga mkono. Haitoshi.

Sasa nifikie jambo ambalo ndilo moyo wa kuaga, na ambalo sikuliona katika karatasi hata moja kati ya zile nilizoletewa, nalo ni kutakana radhi. Mtu akikaa na watu mwaka mzima, katika bweni moja na meza moja, haikosi kuwa amewakosea, mengine kwa kujua na mengine kwa kutojua. Na kwa kuwa njia ni ndefu na umri hauna mkataba, desturi yetu haimruhusu aondoke na haki za watu shingoni, bali humtaka aziweke chini mbele ya wenyewe, wazisamehe, nao waseme yao. Zamani kitendo hiki kiliitwa kupeana buriani, na ni neno zuri, lakini siku hizi buriani tumeiachia zaidi safari ya kaburini, kwa hiyo mgeni asiitumie katika hotuba, aseme tu, "naomba radhi" au "nisameheni."

Radhi ziko za namna mbili, nazo hazichanganywi. Kosa ulilomfanyia mtu mmoja humalizwa na mtu huyo, faraghani, kabla ya siku ya hadhara, kwa kulitaja kosa lenyewe. Na mbele ya watu wote huombwa radhi ya jumla, pamoja na lile kosa ambalo wote walilijua. Nitakupa mfano wa binti mmoja aliyesoma nasi Kidato cha Tatu, ambaye katika mvua za vuli, mwezi wa Novemba, alitoka peke yake mchana kwenda kuutazama msitu wa Magamba, bila kumwambia mtu, akapotezwa na ukungu, na darasa zima likatoka usiku na tochi kumtafuta, wakarudi wameloa hadi mifupani saa tano ya usiku, na kiranja wa bweni akapewa adhabu ya juma zima kwa kutojua mwenzake yuko wapi. Binti yule alilia siku ile, akasema pole na samahani kama walivyozoea kwao, na jambo likafunikwa. Lakini halikuisha, maana kiranja aliyeadhibiwa alikuwa bado anamwita "mgeni" badala ya jina lake, na hiyo ni alama ambayo mtu mwenye masikio huisikia. Alipokuja kwangu mwezi wa Mei na karatasi ya asante tele, nilimwuliza kuhusu usiku ule. Alisema, "Mwalimu, si yalikwisha?" Nikamwambia aende kwa kiranja kwanza, arudi kwangu baadaye. Alirudi siku ya tatu, macho mekundu, na akaniambia kwamba wamekaa wawili nyuma ya bweni, kwamba kiranja naye alimtaka radhi kwa neno alilolisema juu yake mbele ya wengine, ambalo yeye binti hakuwa hata amelisikia, na kwamba sasa anamwita kwa jina.

Ndipo tukaiandika hotuba upya. Ilikuwa fupi, maneno chini ya mia mbili, ambayo mgeni asiye na haraka huyasema kwa dakika mbili au tatu, na nimeihifadhi kwa idhini yake. Mshereheshaji alikuwa amekwisha kuwataja wakubwa wote kwa vyeo vyao na kusema kwamba itifaki imezingatiwa, kwa hiyo binti hakuwa na haja ya kuirudia orodha ile ndefu, akaanza hivi:

"Mheshimiwa Mkuu wa Shule, walimu wangu, wafanyakazi wa shule, wazazi mlionilea, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, hamjambo. Nimesimama hapa kuomba ruhusa. Nilikuja kwenu Julai, sijui kusema ila jambo. Mwalimu wa hesabu alinirudilia somo la jana kila siku wakati wa chai, na chai yake ikapoa. Wenzangu wa bwenini walinifundisha kufua sweta na kulianika kabla ukungu haujashuka. Mama wa jikoni aliniwekea ukoko wa wali kila Jumapili. Haya sitaweza kuyalipa. Tena nina deni jingine mbele yenu. Mwezi wa Novemba nilikwenda msituni bila kuaga, mkanitafuta usiku kwenye mvua, na mwenzetu akaadhibiwa kwa kosa langu. Kwake nimekwisha kwenda. Leo nawaomba radhi ninyi nyote, kwa usiku ule, na kwa yote niliyowakosea nikijua na nisipojua. Nisameheni."

Hapo akanyamaza, kwa kuwa katika karatasi yake nilikuwa nimemwandikia kwa wino mwekundu: NGOJA. Kimya kile kilikuwa kirefu kwake kuliko kwetu. Kisha kutoka safu za nyuma, walipo Kidato cha Nne, likatoka jibu, "Tumekusamehe!" na likafuatwa na shule nzima, na Mkuu wa Shule akainuka kidogo kitini akasema, "Nasi utusamehe, mwanangu." Binti akajibu, "Mimi sina kinyongo na mtu. Naomba ruhusa yenu niende kwetu. Kwa herini ya kuonana."

Tazama mambo mawili katika maneno hayo. Kwanza, shukrani zake ni tatu tu, na kila moja ina kitu ndani yake kinachoonekana kwa macho, chai iliyopoa, sweta kwenye kamba, ukoko wa wali, ilhali karatasi ya awali ilikuwa na watu ishirini na mmoja walioshukuriwa kwa "msaada wao mkubwa," na mtu aliyetajwa hivyo kati ya ishirini na mmoja hurudi nyumbani hajui alishukuriwa kwa lipi. Wale kumi na wanane waliobaki alikuwa amekwisha kuwaendea mmoja mmoja juma la nyuma, ndiyo maana hawakuhisi kuachwa. Pili, ile nafasi ya kungoja. Mgeni huogopa kimya, hukimbilia sentensi inayofuata, na kwa kukimbia huko huwanyima watu fursa ya kumjibu. Na ruhusa ambayo hawakuitamka hawakuitoa. Hata kama itakulazimu kuhesabu kumi moyoni, hesabu.

Yapo pia makosa ya ulimi yanayoweza kuivunja shughuli, na ni heri uyajue mapema. Sema "nimekuja kuwaaga," ukiivuta ile a, wala usiseme "kuwaagiza," ambalo maana yake umekuja kuwatuma kazi. Sema "nisameheni," yaani ninyi mnisamehe mimi, na si "ninawasamehe," ambalo mwanafunzi mmoja alilisema mbele ya walimu wake kwa nia safi kabisa, na ilibidi mwalimu wa darasa asimame kumfasiria. Na jihadhari mno na kuaga pamoja na dunia. Kijana mmoja, kwa kutaka kupamba maneno, aliandika kwamba anaiaga dunia hii nzuri ya milima, nami nikalikuta neno hilo siku moja kabla ya hafla na kulifuta, kwani anayeaga dunia kwetu ni maiti, na wangalikuwapo akina mama ambao wangalipiga yowe.

Juu ya ahadi nitasema kwa ufupi. Usiahidi kurudi mwakani, wala kumtafutia mtu shule ng'ambo, wala kutuma kompyuta. Machozi ya siku ile humfanya mtu aone kila jambo ni jepesi, lakini watoto wa hapa wanakumbuka, na ahadi ni deni ambalo atakayedaiwa ni mwanafunzi mgeni wa mwaka ujao. Ahidi jambo moja dogo ambalo unaweza kulitimiza kabla ya shule kufunguliwa Julai, kama vile kuzichapisha picha za darasa na kuzituma kwa posta kwa anwani ya shule, si kwa mtu binafsi.

Zawadi nazo zina adabu zake. Doti ya kanga humpa mama mwenyeji furaha, na kanga zina maneno, kwa hiyo usiinunue kwa kupenda rangi, bali msomee muuzaji maandishi yake na umwombe akueleze yana maana gani, maana nyingine hutungwa kwa ajili ya kumpigia kijembe jirani au mke mwenza, na huenda ukamvika mama yako ugomvi usiomhusu. Zawadi ya mtu mmoja itolewe nyumbani. Ya darasa ndiyo itolewe hadharani, na iwe kitu cha kutumiwa na wote, kamusi, mpira, ramani. Nguo zako, na hasa sweta la shule, ambalo katika kipupwe cha Lushoto si pambo bali ni kinga, usimkabidhi rafiki mkononi mbele ya wenziwe. Lifue, ling'oe lile jina ulilolishona ndani ya kola, na mpe matroni, naye anajua ni mtoto gani wa Kidato cha Kwanza anayetetemeka mstarini asubuhi, na atampa kwa namna ambayo mtoto hataona haya.

Na wewe utapewa. Pokea kwa mikono miwili, hata kama ni yai. Lakini kuna zawadi ambazo mwenye kutoa hutoa kwa mapenzi na ambazo huwezi kwenda nazo, kwa mfano mche, mbegu, udongo, au kinyonga katika kopo, kwani mimea hutakiwa hati ya afya ya mimea na nchi nyingi huizuia mpakani, na kutoa wanyama pori nje ya nchi bila kibali ni kosa la jinai. Lile ua dogo la zambarau ambalo leo hukaa madirishani Ulaya nzima lilitoka katika misitu ya Usambara, likachukuliwa na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, na likapewa jina lake, Saintpaulia, mwaka 1893. Huku kwetu aina zake kadhaa sasa ziko hatarini kutoweka kwa kupungua kwa misitu. Rafiki akikuletea mche wake, upokee, mshukuru, kisha uuache kwa mama mwenyeji, na umwambie aliyekupa kwamba umeuacha hapo ili mche huo umkumbushe mama habari zako. Hatachukia.

Imebaki safari. Usipange kushuka mlimani na kupanda ndege siku hiyo hiyo. Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita kama 33 za kona juu ya korongo, ambako mvua ikinyesha huweza kuporomosha udongo barabarani, na kutoka Mombo hadi Dar es Salaam ni sehemu kubwa ya mchana. Kisha basi hukuteremsha katika Kituo cha Magufuli, Mbezi, na uwanja wa ndege uko upande mwingine wa jiji, nyuma ya foleni. Lala Dar usiku mmoja. Hata kama unaondokea uwanja wa Kilimanjaro, utateremka Mombo vile vile, na nafasi ile ya usiku mmoja haitakudhuru.

Mabasi huondoka mapema, kabla jua halijatoka nyuma ya milima, na utatamani kuwaambia wenyeji wako wasijisumbue kuamka. Usiwaambie. Kusindikiza ni haki ya anayebaki, na mipaka yake anaiweka yeye: huyu ataishia kizingitini, yule kwenye kona ya barabara, na wengine watafika stendi wakiwa wamejitanda kanga na mablanketi, watasimama nawe kwenye ukungu bila ya kuwa na la kusema, na kondakta atawaita abiria, na bado hawataondoka. Yule binti wa Kidato cha Tatu alisindikizwa na watu kumi na wanne, niliwahesabu. Kiranja wake alikuwa ndiye aliyebeba sanduku. Ilipofika zamu yake, aliliweka juu ya ngazi ya basi, akarudi nyuma hatua moja, na akamwambia lile ambalo binti alikuwa amekwisha kuambiwa na shule nzima, lakini ambalo, nadhani, alikuwa bado analingoja kutoka kwake: "Haya, ruhusa."

Alipofika Dar es Salaam jioni ile alimpigia simu mama mwenyeji kusema kwamba amefika, kama nilivyomwagiza, kwani mtu aliyekupa ruhusa ya kwenda hukaa na simu karibu mpaka ajue umefika, na ni dhuluma kumlaza macho. Mama alimuuliza amekula nini.